Tundu la eARC, na mzigo uliokuwa unafunguliwa njiani

Shemeji yangu anakaa Kimara Temboni. Mwaka jana alinunua saundibaa aliyoiwekea akiba kwa muda mrefu: baa yenyewe, sabufa isiyo na waya, na spika mbili ndogo za kuweka nyuma ya kochi. Kwenye boksi pameandikwa Dolby Atmos kwa herufi kubwa. Jumamosi moja akanipigia simu.

"Shem, naomba upite jioni. Hii kitu inapiga vizuri tu, lakini kila nikibonyeza kitufe cha info inaandika PCM. Neno Atmos sijaliona tangu niifungue kwenye boksi."

Nikapita. Tulikaa mbele ya TV mpaka saa tano usiku, nikarudi tena Jumapili mchana baada ya kupitia Kariakoo. Tulichokuta ni makosa matano yaliyokuwa yamefuatana kwenye njia moja, kiasi kwamba ukirekebisha moja unagota kwenye linalofuata na kudhani hujafanya lolote. Tangu hapo nimeikuta hali hiyo kwenye nyumba nyingine hapa mjini, na karibu kila mara mwenye nyumba anaamini ameuziwa saundibaa feki. Naandika tulivyoyafuata hatua kwa hatua, kwa sababu ukijua mzigo wa sauti unapita wapi, huhitaji kubahatisha.

Tuanze na mzigo wenyewe. Sauti ya zamani ya sinema nyumbani hupangwa kwa chaneli: hii iende spika ya kushoto, hii ya kati, hii ya nyuma kulia. Mpangaji wa sauti anaamua spika, nawe unatakiwa uwe na spika hizo mahali hapo. Dolby Atmos, iliyoingia kwenye majumba ya sinema mwaka 2012, na DTS:X iliyofuata mwaka 2015, zinaongeza kitu kingine. Sauti ya helikopta inawekwa peke yake kama kitu kinachojitegemea, na pembeni yake yanaandikwa maelezo: kwa sekunde hii ipo juu ya kichwa, upande wa kushoto, inasogea nyuma. Maelezo hayo yanasafiri pamoja na sauti hadi mwisho wa safari. Ni saundibaa yako, kwa kuwa inajua ina spika ngapi na zinatazama wapi, inayosoma maelezo na kuamua spika gani ilie.

Hapo ndipo ilipo siri ya habari yote. Ni kama mzigo unaoutuma kwa basi kwenda Mbeya, umefungwa vizuri na ndani yake kuna karatasi ya maelekezo. Ukifunguliwa njiani, bidhaa zinaweza kufika zote, lakini karatasi imepotea na anayepokea hajui kipi kikae wapi. Kwenye sebule, anayeweza kuufungua mzigo njiani ni TV, au deki iliyo nyuma ya TV. PCM aliyoiona shemeji ni jina la mzigo uliokwisha kufunguliwa na TV. Waya wa ARC wa kawaida ukipewa PCM hubeba chaneli mbili tu, kushoto na kulia. Saundibaa ikazichukua hizo mbili na kuzisambaza kwenye spika zake zote kwa makadirio yake yenyewe, na ndiyo maana alisema inapiga vizuri. Sauti ilitoka kila mahali, ila hakuna kilichokuwa mahali pake.

Sasa njia. TV na saundibaa zinaunganishwa kwa waya mmoja wa HDMI, na sauti inarudi kinyumenyume kutoka TV kwenda kwenye saundibaa. Njia hiyo ya kurudi inaitwa ARC, na ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009. Ni nyembamba: inapitisha takriban megabiti 1 kwa sekunde. Mwaka 2017 ikatangazwa HDMI 2.1, ndani yake ikiwemo eARC, ambayo inafika megabiti 37 kwa sekunde. Tofauti hiyo si ya kuongeza ubora kidogo. Ni tofauti ya bodaboda na fuso.

Lakini, na hili ndilo linalochanganya watu wengi, Atmos inakuja katika mizigo ya ukubwa tofauti. Atmos ya Netflix imefungwa ndani ya Dolby Digital Plus na haizidi kilobiti 768 kwa sekunde. Mzigo huo unapita kwenye ARC ya zamani bila shida. Atmos ya diski ya Blu-ray imefungwa ndani ya Dolby TrueHD, ambayo haipunguzi chochote kwenye sauti ya asili na inaweza kufika megabiti 18 kwa sekunde. Huo haupiti kwenye ARC kwa namna yoyote ile. Wapo pia wanaotumia visanduku kama Apple TV 4K, ambacho hata Atmos ya mtandaoni huifungua chenyewe na kuifunga upya kwenye umbo kubwa lisilobanwa, na umbo hilo nalo linataka eARC. Kwa hiyo mtu anaweza kuona neno Atmos likiwaka akiangalia Netflix ndani ya TV, akasema eARC yake inafanya kazi, kumbe haijawahi kuwaka hata siku moja.

Nyumbani kwa shemeji jambo la kwanza nililoangalia ni matundu. TV yake ina matundu manne ya HDMI, na moja tu limeandikwa eARC/ARC. Kwenye saundibaa yapo mawili: moja limeandikwa HDMI IN na jingine HDMI OUT (eARC). Waya unatakiwa utoke kwenye hilo la OUT uende kwenye lile la TV lenye maandishi hayo. Ukiuingiza kwenye tundu jingine la TV, sauti ya TV hairudi kabisa. Kwake waya ulikuwa mahali sahihi, kwa hiyo tukaingia kwenye menyu.

Kosa la kwanza lilikuwa wazi. Kwenye sehemu ya sauti, mstari wa Digital Sound Output ulikuwa kwenye PCM. TV ilikuwa imeambiwa ifungue kila mzigo unaopita. Tukaweka Pass Through, yaani pitisha kama ulivyo. Chaguo lingine ni Auto, ambalo huiachia TV iamue: mizigo mingine inaipitisha, mingine inaifungua na kuifunga upya. Auto inatosha kwa watu wengi wanaoangalia apu za ndani ya TV, lakini unapotafuta kosa ni afadhali Pass Through, kwa sababu kinachoonekana kwenye saundibaa ndicho hasa kilichoingia kwenye TV. Ubaya wake ni kwamba ukicheza video yenye sauti ambayo saundibaa haiielewi, unapata kimya kabisa. Ukikutana na kimya hicho kwenye video fulani tu, usihangaike na waya, rudisha Auto kwa video hiyo.

Tukafungua Netflix. Kitufe cha info safari hii kikaleta Dolby Digital Plus. Shemeji akafurahi, halafu akanyamaza. "Sasa Atmos iko wapi?"

Nikamwonyesha ukurasa wa filamu tuliyoichagua. Chini ya jina, palipokuwa na alama za ubora wa picha na sauti, pameandikwa 5.1. Netflix inatoa Atmos kwa wenye kifurushi cha Premium tu, na ubora wa kucheza uwe umewekwa juu au Auto kwenye mipangilio ya akaunti. Alama ya Atmos ikikosekana kwenye ukurasa wa filamu ambayo unajua inayo, TV au saundibaa haihusiki: mzigo wa Atmos haujatumwa kabisa. Hilo lilikuwa kosa la pili, na lilirekebishwa kwa simu ndani ya dakika chache. Akatoka kwenye Netflix, akaingia tena, alama ikabadilika, na dakika hiyohiyo saundibaa ikaandika Dolby Atmos.

Mtoto wake wa miaka tisa, aliyekuwa amelala kwenye kochi akitusikiliza tunabishana, akainua kichwa kutazama dari. Mvua ya kwenye filamu ilikuwa juu. Sikumwambia mtu atazame juu, na ndiyo maana niliamini.

Hapo wengi wangefunga kazi. Lakini shemeji ana rafu ya diski za Blu-ray alizokusanya kwa miaka, na deki ya kuzichezea aliyoiunganisha kwenye tundu la HDMI 2 la TV. Tukaingiza diski ambayo nyuma ya kasha lake pameandikwa Dolby Atmos, tukachagua sauti hiyo kwenye menyu ya diski. Saundibaa ikaandika Dolby Digital.

Usomaji huo una maana mahususi, na ukiujua unakuokolea saa nzima. Kwenye diski za Blu-ray, kila sauti ya TrueHD husindikizwa na nakala ndogo ya Dolby Digital ya kawaida, ya kilobiti 640 kwa sekunde au chini yake, kwa ajili ya vifaa visivyoweza kusoma ile kubwa. Deki inapowashwa huiuliza TV, unaweza kupokea nini? TV nayo hujibu kulingana na kile inachoweza kukipeleka kwenye saundibaa. Kama njia ya kurudi ni ARC tu, TV inajibu kwa unyenyekevu, na deki inatoa ile nakala ndogo. Kwa hiyo neno Dolby Digital kutoka kwenye diski ya Atmos linakuambia mojawapo ya mambo mawili: ama eARC haijawaka, ama deki yenyewe inaufungua mzigo.

Tukaanza na eARC. Ilikuwa imezimwa. Mstari wa eARC Support ulikuwa kwenye Off, na hilo ndilo kosa la tatu. TV nyingi hutoka kiwandani hivyo, au hujirudisha hivyo baada ya kusafishwa mipangilio. Tukaweka On. Kwenye saundibaa yake nayo kulikuwa na mpangilio wa aina hiyo ndani ya apu ya simu, tukauwasha pia, maana ukizimwa upande mmoja hakuna mazungumzo. Kisha tukazima vyote viwili na kuviwasha upya. Diski ikaendelea kuandika Dolby Digital.

Nikatazama ukurasa wa Sound Out wa TV. Pembeni ya jina la saundibaa pameandikwa ARC. Siyo eARC. Pande zote mbili zimeambiwa ziongee kwa njia pana, zimejaribu, zimeshindwa, zikarudi kwenye njia nyembamba. Hapo nikaugeukia waya.

Huu waya nataka kuueleza vizuri. Ndani ya waya wa HDMI picha husafiri kwenye jozi zake za nyaya, na sauti inayorudi ina jozi yake tofauti, ileile iliyokusudiwa kubeba mtandao wa Ethernet. Jozi hiyo inaishia kwenye pini namba 14 na namba 19. ARC ya zamani inaweza kuridhika na uzi mmoja wa jozi hiyo. eARC inahitaji nyuzi zote mbili zikiwa zimesokotwa pamoja na kukingwa vizuri. Waya wa bei nafuu uliotengenezwa bila kujali jozi hiyo utaleta picha safi ya 4K, utaleta ARC, na utakataa eARC kimyakimya. Ndiyo maana mtu anaapa kwamba waya wake ni mzima. Kwa picha ni mzima kweli. Wa shemeji ulikuwa bapa, wa mita 3, na hakukumbuka aliupata wapi.

Jumapili asubuhi nikashuka Kariakoo, mtaa wa Aggrey. Kijana wa duka akanipokea kwa uchangamfu.

"Karibu bosi. HDMI ya 8K hii hapa, chukua."

"Asante kaka. Ina lebo ya kuskani?"

Akageuza boksi. Hakukuwa na lebo, maandishi ya 8K peke yake. Neno 8K mtu yeyote anaweza kulichapa. Waya uliopimwa na kupitishwa kama Ultra High Speed huwa na lebo kwenye boksi yenye msimbo wa QR, unaouskani kwa apu ya HDMI na kupata jibu kama ni halali. Kwa eARC peke yake hata waya wa kiwango cha chini unatosha, ule ulioandikwa High Speed with Ethernet, kwa sababu tunachokitaka ni ile jozi. Kijana hakukasirika, aliingia ndani akaniletea mwingine wenye lebo, nikauskani palepale kaunta. Nilichukua wa mita 2. Urefu usiozidi mahitaji yako ni bora, kwa kuwa hakuna faida ya kuwa na mita 5 zilizokunjwa nyuma ya meza. Jihadhari pia na waya mrefu wa nuru unaouzwa kwa ajili ya kupitisha ukutani: baadhi yake haubebi eARC kabisa, na mwingine una upande wa TV na upande wa kifaa, hivyo soma maandishi kwenye ncha kabla ya kufukia ukutani.

Tulipochomeka waya mpya, kabla hata ya kugusa rimoti, TV ikaandika eARC. Shemeji akapiga picha ya skrini kwa simu. Tukacheza diski. Dolby Digital.

Nakiri hapo nilikaa chini kidogo. Lakini yale mawili niliyosema awali yalibaki moja: njia sasa ni pana, kwa hiyo anayefungua mzigo ni deki. Kwenye menyu yake ya sauti tulikuta mambo mawili. La kwanza lilikuwa sawa, Digital Audio Output kwenye Bitstream, yaani toa kama ilivyo kwenye diski. La pili lilikuwa BD Audio Mix, nalo lilikuwa On. Kazi ya mpangilio huo ni kuchanganya sauti ya filamu na sauti za ziada, kama mlio wa menyu ya diski au maelezo ya mwongozaji yanayochezwa juu ya filamu. Ili kuchanganya, lazima deki ifungue sauti ya filamu, na ikishafungua haiwezi kuirudisha kuwa TrueHD, inaifunga kwa Dolby Digital ya kawaida. Karatasi ya maelekezo inaachwa hapo. Kwenye deki za kampuni nyingine mpangilio huo unaitwa Secondary Audio. Tukauzima.

Saundibaa ikaandika Dolby Atmos, na kitufe cha info kilipobonyezwa mara ya pili kikaonyesha TrueHD. Tulikuwa wanne sebuleni, na hakuna aliyesema kitu mpaka sehemu ile ya filamu ikaisha.

Majina ya mipangilio hutofautiana, kwa hiyo niyaweke kwa TV ninazozijua. Kwenye LG unatafuta eARC Support iwe On na Digital Sound Output iwe Pass Through au Auto. Upo pia mpangilio wa HDMI Input Audio Format kwa kila tundu, nao uwe Bitstream, vinginevyo TV itaiomba deki itume PCM. Kwenye Samsung ingia Expert Settings, weka HDMI-eARC Mode kwenye Auto na Digital Output Audio Format kwenye Auto au Pass-Through. Kwenye Sony unaweka Speakers kuwa Audio system, eARC mode kuwa Auto, Pass through mode kuwa Auto, na Digital audio out kuwa Auto 1. Zote hizo huenda zikajificha mpaka uwashe kwanza ule mfumo wa vifaa kuongozana kwa rimoti moja, ambao Samsung wanauita Anynet+, LG SIMPLINK na Sony BRAVIA Sync. Kwa kanuni zake eARC ina njia yake ya kuzungumza na haiuhitaji mfumo huo, lakini TV nyingi zimefunga milango hiyo miwili kwa ufunguo mmoja. Uwashe tu.

Usidhani kwamba neno Atmos likiwaka ndiyo ushahidi wa kila kitu. Xbox ikiwekwa kwenye Atmos hufunga kila sauti kwa Atmos, hata mlio wa menyu, hivyo neno linawaka muda wote hata mchezo wenyewe hauna sauti ya juu. Na saundibaa nyingi zina kitufe cha Surround kinachotawanya sauti ya chaneli mbili kwenye spika zote. Kizime unapopima. Kwa shemeji, mpira wa kwenye dekoda haujawahi kuwasha neno Atmos, na sijamwambia abadilishe chochote kwa hilo, kwa sababu kinachokuja kutoka kwenye dekoda yake hakina vitu ndani. Saundibaa haiwezi kusoma maelekezo ambayo hayakuandikwa.

Kuna dari pia, ingawa haihusiani na waya. Spika za juu za saundibaa haziko juu, zinatupa sauti darini na kuisubiri irudi. Dolby wanapendekeza dari bapa, ya kimo cha kati ya mita 2.3 na 3.6 hivi. Sebule ya shemeji ina jipsamu bapa, na hiyo ni bahati. Nimesikiliza saundibaa ya aina hiyo kwenye nyumba iliyoezekwa bati bila dari, na mvua ya filamu ilibaki mbele kwenye TV. Mipangilio yote ilikuwa sahihi.

Tulikwama mahali pamoja, nasi tukapita kando. Diski yake moja ina DTS:X badala ya Atmos. Saundibaa inaielewa, deki inaitoa, waya ni mzima, eARC imewaka, lakini kinachofika ni PCM. Zipo TV ambazo watengenezaji wake waliondoa DTS, nazo hazikubali kuipitisha hata kwa Pass Through. Hakuna mpangilio wa kurekebisha hilo. Dawa ni kuhamisha deki: tukaichomoa kwenye TV tukaichomeka kwenye lile tundu la HDMI IN la saundibaa. Sasa sauti inafika kwa saundibaa kwanza, picha ndiyo inayoendelea kwenda kwenye TV kupitia waya uleule wa eARC. Njia hii pia ndiyo ninayomshauri yeyote ambaye TV yake ina ARC tu, kwa maana hana haja ya kununua TV mpya ili asikie TrueHD. Angalizo ni moja: saundibaa iwe na uwezo wa kupitisha picha ya aina unayoitumia, 4K pamoja na HDR yake, yaani mwanga na rangi pana zaidi. Yetu ilipitisha HDR10 na Dolby Vision, tukaiacha deki hapo moja kwa moja. eARC inabaki na kazi ya apu za ndani ya TV na kitu chochote kilichobaki kwenye matundu yake.

Wiki mbili baadaye akanitumia picha WhatsApp: saundibaa imeandika PCM tena. Nikamuuliza kama umeme ulikatika. Ulikatika jana yake usiku, ukarudi, ukakatika tena. Umeme unaporudi, TV na saundibaa huamka kwa wakati mmoja, kila kimoja kinamwita mwenzake kabla hajawa tayari, na mara nyingine TV hukata tamaa, ikarudi kwenye spika zake au kwenye mpangilio wa chini. Nikamwambia achomoe vyote viwili kwenye soketi, siyo kuzima kwa rimoti, asubiri kama dakika tano, achomeke TV kwanza mpaka ifike kwenye ukurasa wake wa mwanzo, ndipo achomeke saundibaa. Kisha aangalie tena mistari miwili tu, eARC Support na Digital Sound Output. Mmoja wapo ulikuwa umerudi PCM.

Siku hizi vyote viwili viko kwenye kilinda umeme kimoja kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme uliorudi, na saundibaa ina swichi yake ya ukutani ambayo mtoto ndiye anayeiwasha, baada ya kuona picha kwenye TV.